Namna ya kutengeneza kipindi cha tafakari ya usiku kwa wasiopata usingizi: mfano wa mashua moja ya Lamu

Wanaoanza kutengeneza vipindi vya usiku huniuliza maswali yale yale: niweke muziki gani, niseme nini, simu yangu inatosha, mbona watu wanaondoka dakika ya pili. Nimeyajibu yote hapa kwa kufuata kipindi kimoja tu, tangu kupiga picha mpaka kukipandisha YouTube. Kipindi chenyewe ni mashua iliyofungwa mbele ya mji wa Lamu, maji yanajaa, sauti inasimulia taratibu kwa dakika 10, dua fupi, kisha maji peke yake kwenye giza. Ukiwa Shela au Malindi utabadilisha mahali na saa, kazi ni ile ile.

Kuna jambo moja ulishike kabla hujagusa simu. Mtu aliye macho saa tisa za usiku usimpe kitu cha kungojea. Hadithi inayotaka kujua mwisho wake, swali, muziki unaopanda, picha inayobadilika ghafla, hivyo vyote vinamweka katika hali ya kungoja, na anayengoja halali. Kila hatua hapa chini imetokana na hilo.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu inayokubali kufungia mwanga na fokasi, na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi video ya dakika 20.
- Tripodi nzito. Ikiwa ni nyepesi, itundikie mfuko wa mchanga.
- Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye kofia ya manyoya ya kuzuia upepo.
- Kompyuta yenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, na programu yoyote ya kuunganisha video.
- Jedwali la maji la mwezi huo. Kama huna, nahodha yeyote pale jeti atakwambia.
- Ruhusa ya mwenye mashua. Usiipige tu kwa kuwa iko hadharani. Mashua ina jina na ina mwenyewe.

Drone huihitaji. Muziki pia huuhitaji, na ukiweka taarab ya mtu utapata kesi ya hakimiliki juu yake.

Hatua ya 1. Panga siku kwa maji, si kwa nafasi yako

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Maji yakipwa mbele ya mji, mashua hulala ubavu kwenye tope na takataka zote huonekana. Unataka maji yaliyojaa, na ndani ya kujaa kwenyewe unataka saa ya mwisho.

Sababu yake mabaharia wanaijua. Chukua tofauti ya kupwa na kujaa, uigawe mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme siku hiyo tofauti ni mita 2.4. Katika saa za katikati maji yanapanda sentimita 60 kwa saa, mkondo unavuta, mashua inazunguka na kugonga ukuta. Saa ya mwisho yanapanda sentimita 20 tu. Mashua inapumua mahali pake. Hiyo ndiyo picha ya kipindi hiki, na huwezi kuipata kwa kupunguza mwendo wa video baadaye. Maji yaliyopunguzwa mwendo kwenye kompyuta hufanana na mafuta mazito, na jicho linajua.

Sasa saa. Siku ya mwezi mpevu ni bamvua, na huku kwetu maji ya bamvua hujaa alasiri, kama saa kumi na kitu. Jua likizama yameshaanza kutoka. Lakini kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ya tatu baada ya mwezi mpevu maji hujaa karibu saa moja jioni. Magharibi yako imeangukia ndani ya ile saa ya mwisho. Hakikisha kwenye jedwali, kisha weka alama siku hiyo na inayofuata kama akiba.

Wakati wa kusi kali usijisumbue. Manda inakinga mbele ya mji, lakini si kiasi cha kutuliza kila kitu. Tanga mbili, upepo unapobadilika kati ya kusi na kaskazi, ni wakati mzuri zaidi.

Hatua ya 2. Piga picha magharibi, usipige usiku

Kipindi ni cha usiku, picha ni ya jioni. Simu ikipiga picha gizani hujilazimisha kuona, na inachojaza ni chembechembe zinazocheza kila mahali. Ukiipandisha video ya namna hiyo, YouTube inaibana na giza lote linageuka viboksi vinavyotembea. Ukipiga jua likishazama, mwanga bado upo wa samawati, halafu unaupunguza mwenyewe baadaye.

Mji wa Lamu unatazama mashariki, upande wa Manda. Jua linazama nyuma ya nyumba, kwa hiyo mbele yako huna moto wa machweo wa kuunguza picha. Ila karibu na ikweta giza huingia haraka. Una kama dakika 20 za kazi. Zigawe hivi, na upige kwa mfuatano huu huu:

Picha ya kwanza: mashua nzima, Manda nyuma, dakika 6. Picha ya pili: kamba tu, kutoka omo, yaani mbele ya mashua, mpaka inapogusa maji, dakika 6. Picha ya tatu: maji matupu yenye kivuli cha mlingoti, dakika 6.

Fungia mwanga na fokasi kwenye picha ya kwanza kwa kubonyeza kioo na kushikilia mpaka uone `AE/AF LOCK` au alama ya kufuli. Ukienda picha ya pili usiache simu ipime mwanga upya ikaangaza giza. Funga upya kisha ushushe mwanga mpaka ulingane na pale ulipoishia. Ukifanya hivyo, video nzima itaingia giza yenyewe, polepole kama jioni ilivyoingia, bila mtazamaji kuona lini.

Taa za barabarani zikiwaka, utaona mistari inayopanda na kushuka kwenye video. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Weka kasi ya shata iwe 1/50 au 1/100, mistari itaondoka.

Tahadhari: usizungushe kamera, usisogee karibu, usimfuate punda anayepita. Mtu akiingia kwenye fremu, mwache apite na ukate sehemu hiyo. Usipandishe kamera darini kwa watu. Dari yako inaona uwanja wa jirani, na watu wamepumzika.

Hatua ya 3. Rekodi sauti ya maji siku nyingine

Sauti uliyopata wakati wa kupiga picha itupe. Ni magharibi, misikiti yote inaadhini, mashine za maboti zinarudi, watoto wanaruka majini. Na hata kama adhana imetoka vizuri, usiiache ndani ya kipindi cha kulalia. Adhana ni wito wa kuinuka, na Mwislamu akiisikia usingizini atainuka kweli.

Unataka maji yanayolamba ukuta kati ya saa sita na saa nane za usiku, mji ukiwa umelala. Kwa hesabu ile ile ya dakika 50, maji yatajaa katikati ya usiku karibu siku ya nane au ya tisa baada ya mwezi mpevu. Ni maji mafu, hayana nguvu, na hilo ndilo unalotaka. Weka maikrofoni kama mita moja juu ya maji, na kofia yake ya manyoya, urekodi dakika 30 bila kukohoa. Nenda na mwenzako, na wajulishe walinzi wa jeti.

Hatua ya 4. Andika maneno

Kwa dakika 10 andika maneno 450, si zaidi. Mtangazaji wa habari angeyamaliza kwa chini ya dakika 5. Nusu nyingine ni kimya.

Wanaoanza huandika hivi: "Je, umewahi kujiuliza maisha yako yanaelekea wapi? Kama mashua hii, nawe unangojea upepo wako." Maneno mazuri kwa saa nne asubuhi. Saa tisa za usiku umemfungulia mtu faili la madeni, ndoa na ada za shule, halafu unamwambia alale.

Andika kinachoonekana, kwa wakati uliopo, sentensi fupi, na urudie:

> Mashua imefungwa. Kamba inatoka omo, inashuka, inagusa maji. Maji yanaiinua kidogo. Yanaiweka. Mashua inasogea upande wa ukuta, inarudi. Hakuna anayeiita. Tanga limekunjwa, limefungwa. Kamba inashuka, inagusa maji. Maji yanaiinua kidogo. Yanaiweka.

Tafakari yenyewe iko pale kwenye "hakuna anayeiita". Fikra moja inatosha kwa kipindi kizima, na iwe ndani ya dakika 4 za mwanzo, wakati msikilizaji bado anafuata maneno. Baada ya hapo usiongeze wazo jipya. Rudia vile vile ulivyokwisha kusema, ukiacha kimya kirefu zaidi kila mara, na usogee kutoka mashua nzima kwenda kwenye kamba, kutoka kamba kwenda kwenye maji.

Mambo matatu ya kukwepa kabisa. Usitaje saa. Ukisema "ni saa tisa sasa", msikilizaji anaanza kuhesabu zimebaki ngapi kabla ya kazi. Usimwambie alale, wala usimwahidi kwamba usingizi unakuja, kwa sababu anayejilazimisha kulala ndiye anayekesha. Na usihesabu pumzi zake. Wengine huanza kuhangaika na pumzi ambayo ilikuwa inaenda vizuri.

Lahaja ni yako. Kama wewe ni wa kusema "ndia" na "mato" nyumbani, sema hivyo hivyo. Kiamu cha kuigiza, hata hivyo, kinachekesha, na kicheko kinaamsha.

Hatua ya 5. Andika dua

Dua isizidi nusu dakika, na iwe ndiyo sehemu ya chini kabisa kwa sauti. Nimesikia vipindi vizuri vinavyomalizwa kwa "Amiiin!" ya mimbarini, na yule aliyekuwa ameshazama anafumbua macho.

Wengi huniuliza kuhusu dua ya kulala inayojulikana, *Bismika Allahumma amutu wa ahya*. Ni dua sahihi, na anayeijua ataisoma mwenyewe kabla ya kulala. Mimi siifasiri ndani ya kipindi. Maana yake inataja kufa na kuishi, na miongoni mwa wasiolala wamo wagonjwa, wafiwa na watu wenye hofu ya usiku ambao hawakulelewa nayo. Wamo Wakristo pia. Tumia maneno ambayo kila mmoja wao anaweza kuitikia:

> Mola akusitiri usiku huu. Akupunguzie ulichobeba. Nyumba yako iwe na amani, na waliomo. Ukilala, ulale salama. Ukiwa macho, uwe salama vile vile. Amin.

Sentensi ya mwisho kabla ya amin usiiache. Atakayeisikia ndiye ambaye bado hajalala, na dua inayombariki aliyelala peke yake inamwambia kwamba ameshindwa.

Hatua ya 6. Rekodi sauti yako

Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene, zinazuia kelele za nje vizuri, lakini ndani zinarudisha mwangwi. Chagua chumba cha ndani chenye kitanda, godoro na nguo nyingi. Tundika mablanketi mawili pembeni mwako. Zima feni, zima friji, ondoa saa ya ukutani. Rekodi baada ya isha mji ukishatulia, na umalize kabla ya jogoo na punda kuanza kushindana.

Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, lakini pembeni kidogo, isitazamane na pumzi. Kiswahili kina "s" na "sh" nyingi, na spika ya simu inazikuza mpaka zinachoma. Usinong'one. Mnong'ono ni "s" tupu, na unamfanya msikilizaji atege sikio. Zungumza kama unamweleza jambo mtu aliyekaa kitanda kile kile, sauti ya kawaida isiyosukumwa.

Kabla ya neno la kwanza, kaa kimya nusu dakika huku unarekodi. Kimya hicho utakihitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 7. Unganisha

Fungua sauti yako kwenye Audacity. Chagua ile nusu dakika ya kimya, nenda `Noise Reduction`, bonyeza `Get Noise Profile`, kisha chagua sauti yote na upunguze desibeli 6. Ukizidisha, sauti itakuwa ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Fuata na `Loudness Normalization`, uweke -20 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. YouTube hushusha video zinazozidi kiwango cha -14 hivi, lakini haizipandishi zilizo chini yake, kwa hiyo kipindi chako kitabaki tulivu kama ulivyokiweka. Fanya hivi kwenye sauti ya msimulizi peke yake, kisha ushushe dua desibeli 3 kwa mkono. Ukianza na dua ikiwa kwenye traki yake, halafu ukatumia kibonyezo hicho cha kusawazisha, kitakurudishia dua juu.

Sasa panga. Dakika ya kwanza ni maji tu. Msimulizi anaanza dakika ya 1 na kumaliza na dua dakika ya 11. Kuanzia hapo maji yanaendelea peke yake mpaka dakika ya 25, na dakika 3 za mwisho yanafifia mpaka kwisha. Usikate maji mara tu baada ya amin. Ukimya wa ghafla unaamsha sawa na kelele.

Picha zako tatu ziunganishe kwa kufifishana sekunde 10, si kwa kukata. Punguza mwanga mpaka sehemu angavu kabisa ya picha isikuumize macho ukiitazama gizani. Baada ya dua picha iingie weusi kwa dakika 2, na kioo kibaki cheusi. Jina la kipindi liandikwe kwa rangi ya kahawia kwenye weusi, kamwe si kwenye nyeupe.

Jaribio ni moja. Zima taa, weka simu kando ya mto, sauti iwe ya chini kabisa, usikilize chali. Maneno yasikike bila kutega sikio, maji yajulikane kwamba yapo. Maji yakiyazidi maneno, yashushe.

Hatua ya 8. Pandisha

Video inayofika dakika 8 inaweza kuwekewa matangazo katikati. Ingia YouTube Studio uyaondoe yote ya katikati, vinginevyo muuza sabuni atapiga kelele kwenye dakika ya 7. Mapato yatapungua; ukitaka mapato ya kipindi kimoja kimoja, tengeneza kipindi cha mchana. Usiweke kadi wala picha za mwisho za kubonyeza. Panga vipindi vyako kwenye orodha moja, ili kikimalizika kimoja kinachofuata kiwe chako.

Kwenye maelezo ya chini andika mstari huu wazi: anayekosa usingizi siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi 3, amwone daktari. Hali hiyo ina matibabu, na kipindi si matibabu.

Ikiharibika

*Giza limejaa viboksi.* Ulipiga kumechelewa, au uliangaza vivuli wakati wa kuhariri. Rudisha vivuli chini, na upandishe video kwa ukubwa wa 1440p hata kama ilipigwa ndogo. YouTube huibana kwa upole zaidi. Kikiendelea, rudi ukapige mapema kwa dakika 10.

*Sauti inaonekana ya kusoma.* Acha karatasi. Soma sentensi moja kimya, inua macho, iseme. Itachukua muda, na utakata mapengo baadaye.

*Wanasema sauti yangu nzito haisikiki.* Spika ndogo ya simu haitoi besi. Kusogea karibu na maikrofoni si dawa, kwa baadhi ya maikrofoni huongeza besi zaidi. Rudi nyuma kidogo na utamke konsonanti vizuri.

*Grafu ya watazamaji inashuka.* Mshuko wa pole ni kawaida, wengine wanazima simu wakijisikia wazito. Tafuta mshuko wa ghafla kwenye sekunde moja, ukasikilize pale: utakuta mlango, kikohozi, au neno lililosukumwa. Tafuta pia mahali grafu ilipopanda. Kwenye video nyingine hiyo ni sifa. Hapa ina maana watu walirudi nyuma kwa sababu neno halikusikika. Lirekodi upya.

*Mtu ameandika kwamba hajawahi kuifikia dua.* Hicho si cha kurekebisha.